Video moja, chaneli tatu: tunaandikaje vichwa na maelezo ili kopi zisiuane?

mama_vifaranga

Habari zenu wakuu. Naombeni tulijadili hili kwa kina maana linaninyima usingizi na najua sipo peke yangu.

Kikundi chetu cha wafugaji wa kuku kina chaneli tatu YouTube. Moja ni ya kikundi chenyewe, ya mafunzo. Nyingine ni ya duka letu la chakula na vifaa vya kuku. Ya tatu ni ya mwenzetu anayetotolesha na kuuza vifaranga wa chotara. Video zote tunarekodi wenyewe, sura zetu, sauti zetu, hakuna cha mtu mwingine. Tukimaliza kurekodi video moja inapanda kote tatu siku ileile kwa sababu kila chaneli ina watu wake na kila mmoja anataka chaneli yake isikae kimya.

Mfano video ya kulea vifaranga wiki ya kwanza, ina dakika 9. Kichwa kimoja kote, "KULEA VIFARANGA WIKI YA KWANZA", maelezo yamekopiwa, tegi zimekopiwa, kava ndiyo ileile. Kila kopi ikapata watu kiasi halafu ikalala kabisa. Ila zile video ambazo ziko chaneli moja tu zinaendelea kupata watu mpaka leo, na wala si kwamba ni nzuri kuliko hii.

Sasa nimekabidhiwa mimi hizi chaneli nizisimamie. Swali langu, niandike vipi vichwa, maelezo na hizo metadeta zote ili kila kopi isimame yenyewe, zisionekane kama kitu kimoja kilichorudiwa mara tatu? Au nisirudie kabisa?

Kijana_wa_Edit

Dada hiyo ndogo sana. Tatizo lako unapandisha faili lilelile, YouTube wanaona MD5, ile namba ya utambulisho wa faili, ni moja basi wanajua ni kopi. Cha kufanya futa metadeta yote ya faili, halafu kwenye CapCut iongeze spidi kidogo 1.02, igeuze kushoto kulia, weka fremu nyembamba pembeni, eksipoti upya. Kila chaneli eksipoti yake. Kichwa badilisha maneno mawili matatu. Mimi nafanya hivyo kila siku na zinaenda tu.

binti_ubungo

Nafuatilia hapa maana mimi nina peji ya vipande vya filamu na kila nikiposti kwenye akaunti ya pili inashushwa. Hiyo ya kugeuza kushoto kulia inasaidia kweli?

mama_vifaranga

Binti_ubungo mdogo wangu, yangu ni tofauti, mimi naongelea video zetu wenyewe. Hizo filamu zina wenyewe wanazidai, hapo tatizo si namna ya kuandika maelezo.

Fundi_Mitambo

Mama_vifaranga, swali zuri na limeulizwa vizuri. Naomba kwanza nimjibu Kijana_wa_Edit kwa sababu nusu ya alichosema watu wengi wanakiamini na kinawapotezea muda.

Hapa kuna metadeta za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna zile zilizofichwa ndani ya faili, yaani tarehe ya kurekodi, aina ya simu, programu iliyoeksipoti, wakati mwingine hadi mahali uliposimama wakati unarekodi. Halafu kuna zile unazoandika wewe wakati wa kupandisha: kichwa, maelezo, tegi, sura za video, kava. Hizi za pili ndizo mtazamaji anaziona na ndizo zinazoamua video iletwe mbele ya nani. Zile za kwanza ukizifuta hakuna kinachobadilika kwenye suala lako. Kwanza YouTube wakipokea faili wanalisindika upya wenyewe kwa saizi zao zote. Pili, wanapotafuta kopi hawategemei MD5 ya faili, wanalinganisha picha na sauti yenyewe. Mfumo wao wa Content ID upo tangu 2007 na kazi yake ndiyo hiyo. Facebook nao mwaka 2019 walitoa hadharani programu zao mbili za kulinganisha, PDQ ya picha na TMK+PDQF ya video, na zote zinaangalia kinachoonekana, jina la faili na tarehe yake hazihusiki.

Mwenye kompyuta yenye programu ya ffmpeg ajaribu mwenyewe. Chukua video yako, ifute metadeta:

```
ffmpeg -i kuku.mp4 -map 0:v -map 0:a -c copy -map_metadata -1 kuku_safi.mp4
```

Ukipima MD5 ya faili zima utaona zimetofautiana, hapo ndipo watu wanafurahi. Sasa pima picha na sauti peke yake kwa faili la kwanza, kisha rudia kwa la pili:

```
ffmpeg -v error -i kuku.mp4 -map 0:v -map 0:a -c copy -f streamhash -hash md5 -
ffmpeg -v error -i kuku_safi.mp4 -map 0:v -map 0:a -c copy -f streamhash -hash md5 -
```

Namba zitakuwa zilezile, mstari wa picha na mstari wa sauti. Yaani umebadilisha bahasha, barua ni ileile. Sababu moja tu ya maana ya kufuta hizo za ndani ni kama simu yako inahifadhi mahali uliporekodia na hutaki faili ulilomtumia mtu lionyeshe banda lako liko wapi. Hiyo ni usalama, haina uhusiano na kopi.

Kijana_wa_Edit

Sawa metadeta nimekuelewa mkuu, ila kuflip na spidi inabadilisha picha yenyewe na sauti yenyewe, hapo huwezi sema ni barua ileile.

Fundi_Mitambo

Inabadilisha kweli, hapo uko sahihi, na ndiyo maana zingine zinapita. Ila mifumo hii imetengenezwa ikijua watu watapunguza saizi, watakata kingo, watabadilisha rangi, kwa hiyo unacheza bahati nasibu. Halafu fikiria kwa upande wa mama hapa: hajifichi mtu, video ni zake. Akigeuza picha, maandishi kwenye mfuko wa chakula yanasomeka kinyumenyume, mwenye duka ataonekanaje? Na siku atakapoomba chaneli ilipwe, anayeikagua akikuta video imegeuzwa na kuwekewa fremu atadhani ni mwizi wa video, kwa sababu wezi ndio wanaofanya hivyo. Utakuwa umejivalisha nguo ya mwizi kwenye mali yako mwenyewe.

mama_vifaranga

Asante sana mkuu. Basi tuje kwenye hizo za kuandika. Kama YouTube wanajua ni video moja hata nikiandika tofauti, je kuandika tofauti kunasaidia nini? Na hii kulala kwa kopi zote ni adhabu tumepewa au?

Fundi_Mitambo

Kwa ulivyoeleza sioni adhabu. Adhabu ungeijua, ungepata barua pepe au ungeona onyo ndani ya YouTube Studio. Kinachotokea kwenu ni kugawana.

Fikiria mtu mmoja Morogoro ameandika "kulea vifaranga" kwenye sehemu ya kutafuta. Video zenu tatu zote zinajibu neno hilohilo, kwa kichwa hichohicho, na kava hiyohiyo. Atabonyeza moja. Zile mbili alizoziruka, zimeonyeshwa na hazikubonyezwa. Kesho yake anapendekezewa kopi ya chaneli ya pili, anafungua, anaona ni ileile aliyoangalia jana, anatoka sekunde ya kumi. Sasa hiyo kopi ina mtu aliyeikimbia, wakati video haina tatizo. Zidisha hilo kwa watu wote mnaowafikia, maana wafuasi wa chaneli zenu tatu kwa sehemu kubwa ni walewale. Maoni nayo yanagawanyika, maswali mazuri yako kopi hii, majibu yako kopi ile.

Na kuna hesabu ya malipo. YouTube ili chaneli ipate mgao wa matangazo kwa video ndefu wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, na wanahesabu kila chaneli kivyake. Video ya dakika 9, tuseme wastani mtu anaangalia dakika 4. Saa 4,000 ni dakika 240,000, kwa hiyo unahitaji kutazamwa mara 60,000. Zikiwa kwenye chaneli moja umefika. Zikigawanyika sawasawa kwenye tatu kila moja ina mara 20,000, sawa na saa kama 1,333, hakuna hata moja iliyofika, na kutazamwa kwa jumla ni kulekule mara 60,000.

Sasa swali lako la kuandika tofauti kunasaidia nini. Kunasaidia pale tu tofauti inapomleta mtu tofauti. Ukibadilisha "kulea vifaranga" ukaandika "kutunza vifaranga" umebadilisha neno, mtu ni yuleyule mwenye shida ileile, mtaendelea kugombania. Mimi kipimo changu ni hiki: kabla hujagusa kichwa, andika kwenye karatasi swali ambalo mtazamaji wa chaneli ile analo kichwani, la kila chaneli kivyake. Ukikosa swali la tatu, chaneli ya tatu haihitaji hiyo video.

Ila usianze kubuni. Fungua hizo kopi tatu kwenye YouTube Studio, kila moja ingia Analytics, tabu ya Reach, bonyeza YouTube search. Itakuonyesha maneno watu waliyoandika mpaka wakaifikia. Linganisha orodha tatu. Yakifanana umepata ugonjwa wako.

Mkulima_Eldi

Mimi niko Eldoret, na hapa nataka kumpinga kidogo Fundi. Maneno pia yana maana. Watu wetu huku hawatafuti kideri, wao husema Newcastle. Hawatafuti chotara, wanatafuta kuroila ama kienyeji improved. Tuliweka video moja kwa channel mbili, moja maneno ya huku na nyingine maneno ya Tanzania, na kila moja ikapata watu wake bila shida. Kwa hivyo hata kubadilisha maneno pekee inaweza kutosha.

Fundi_Mitambo

Ndugu Mkulima_Eldi, nakubaliana na wewe kwa asilimia kubwa na sioni kama tunapingana. Kwako maneno yalibadilika kwa sababu mtu amebadilika, yuko nchi nyingine, anauziwa dawa zenye majina mengine. Mama hapa chaneli zake zote tatu watu wake wako mkoa mmoja, akiandika kuroila atampata nani? Nakuuliza pia kitu kimoja, ndani ya video yenyewe mlikuwa mnasema Newcastle au kideri? Kwa sababu kichwa kikisema kimoja na mdomo ukasema kingine mtu anaweza kutoka.

Mkulima_Eldi

Tulirekodi sauti mara mbili, picha ni zile zile.

Fundi_Mitambo

Hapo sasa. Sauti mpya ni kazi mpya, hamkubadilisha maandishi tu.

Kwaya_Tenor

Bwana asifiwe wapendwa. Sisi yetu imetufika shingoni. Kwaya yetu ina chaneli yake na usharika una chaneli yake, tukatoa video ya wimbo wetu tukaiweka kote mbili. Ile ya usharika ikapata madai ya hakimiliki, matangazo yanaenda kwa watu tusiowajua. Tukabadilisha kichwa, tukafuta tegi zote, tukaandika maelezo mapya kabisa, madai yako palepale. Ina maana tuandikeje?

Fundi_Mitambo

Ndugu Kwaya_Tenor, hapo hata uandike nini hayaondoki, kwa sababu madai yanatoka kwenye sauti. Mlipeleka wimbo kwa kampuni ya kusambaza muziki kwenye majukwaa, si ndiyo? Nyingi ya hizo kampuni zinausajili wimbo kwenye Content ID kwa niaba yenu, kisha popote unaposikika mfumo unaudai, hata kwenye chaneli ya usharika wenu. Hao msiowajua yawezekana ni wakala wenu wenyewe. Soma jina la mdai ndani ya Studio, halafu waandikie mliowapa wimbo, muwatumie linki ya chaneli ya usharika muwaombe waiweke kwenye orodha ya chaneli zinazoruhusiwa.

Na hili liwafikie wote wenye chaneli zaidi ya moja. Kuna kitu ndani ya Studio kinaitwa Copyright Match Tool, kinaonyesha kopi kamili au karibu kamili za video zako zilizoko chaneli nyingine. Kopi za wenzenu nazo zinaweza kutokea humo. Msimamizi mgeni akidhani ni wizi akabonyeza kuomba iondolewe, chaneli yenu nyingine inakula onyo la hakimiliki, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuiondoa kabisa. Wambieni wasimamizi wenu mapema.

mama_vifaranga

Nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema mkuu Fundi, na orodha tatu nimeziweka pembeni kwa pembeni. Kwenye ya kikundi na ya duka maneno ni yaleyale kabisa, "kulea vifaranga", "jinsi ya kulea vifaranga", "vifaranga wa siku moja". Kwenye ya mtotoleshaji hayo yapo lakini lipo na "bei ya vifaranga chotara" na lingine "vifaranga wanasinzia". Nikaangalia na dakika ambayo watu wanaiacha video, hiyo ya mtotoleshaji wanaanguka mapema sana, kabla hata hatujawasha taa ya bruda.

Fundi_Mitambo

Safi sana. Umeona? Chaneli ya mtotoleshaji inaletewa mtu ambaye ama anataka kununua ama amenunua jana na vifaranga wanasinzia, halafu video inamwanzishia somo la kuandaa banda ambalo yeye lilishampita. Huyo ndiye swali lako la tatu.

Tuifanye hii video yako mpaka mwisho. Nitajie ndani yake kuna vipande gani kwa mpangilio.

mama_vifaranga

Tunaanza salamu na utambulisho. Halafu kuandaa bruda, yaani mduara wa hardibodi, maranda, taa au jiko la mkaa. Halafu joto, tumeonyesha kipimajoto, nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza. Halafu kuna kipande kizuri sana cha kuwasoma vifaranga wenyewe, wakijikusanya chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi wamezidiwa joto, wakisambaa kote wako sawa. Halafu kupokea vifaranga, maji ya glukosi kwanza kabla ya chakula. Mwisho drinka, fida, na chanjo ya kideri siku ya 7.

Fundi_Mitambo

Video imeshiba hiyo. Mimi ningefanya hivi.

Chaneli ya kikundi inabaki na video nzima, dakika zote 9, ndiyo nyumba yake. Swali la mtu wake ni kwa nini wanakufa. Kichwa: "Vifaranga wanakufa wiki ya kwanza? Angalia joto, maji na nafasi". Kava ni kile kipande cha vifaranga waliojikusanya chini ya taa, kwa karibu, maneno matatu tu juu yake. Mistari miwili ya kwanza ya maelezo iseme hilohilo kwa sentensi, maana ndiyo inayoonekana kabla mtu hajafungua. Salamu na utambulisho vipunguze.

Chaneli ya duka usiipe video nzima. Kata kuanzia kuandaa bruda, ruka kipande cha kupokea vifaranga, malizia na drinka na fida. Itabaki kama dakika 4. Mwenye duka arekodi mwanzo mpya, sekunde 20 zinatosha, akiwa amesimama na vyombo vyenyewe mbele yake. Kichwa: "Bruda ya vifaranga 100: taa au jiko la mkaa, maranda na vyombo vinavyotosha". Kava ni bruda tupu iliyokamilika, haina kifaranga hata mmoja. Mtu akiziona kava mbili pamoja anajua ni vitu viwili.

Chaneli ya mtotoleshaji ianze na boksi linafunguliwa. Mwenzenu aseme kwa sauti yake mnunuzi afanye nini saa za kwanza: maji ya glukosi, joto liwe limeshafika kabla boksi halijafika, kisha kile kipande cha kuwasoma vifaranga, maana huyo ndiye aliyeandika "wanasinzia". Kichwa: "Umefika nyumbani na vifaranga wa siku moja: fanya haya saa za kwanza". Bei msiiweke kwenye kichwa kama ndani ya video haitajwi. Kichwa kinachoahidi kisichokuwepo ni kosa kwenye sera zao, na mtu hatakaa.

Maelezo ya hizo mbili yaishie na linki ya video nzima ya kikundi, ili anayetaka zaidi aende huko badala ya kutafuta kopi.

Jambo moja linalowaangusha watu hata wakishabadilisha vichwa. Nenda Settings, halafu Upload defaults, kwenye kila chaneli. Najua umeshaweka maelezo yanayojijaza yenyewe. Mara nyingi ndiyo yanafanya video zote zianze na aya moja ndefu ya "karibu kwenye chaneli yetu, tunauza hiki na kile, namba zetu", na kile ulichoandika kwa ajili ya video kinasukumwa chini ambako hakuna anayefika. Hiyo aya iende chini kabisa na kila chaneli iwe na yake.

Na sura za video, zile dakika unazoziandika kwenye maelezo, usizikopi kutoka video nzima kwenda zilizokatwa. Zinatakiwa zianze 0:00, ziwe angalau tatu, kila moja isipungue sekunde 10, na kwenye video fupi dakika zote zimehama. Nimeona watu wanabonyeza "joto" wanaangukia kwenye matangazo ya mbolea.

Tegi usijitese nazo, YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, zinafaa pale watu wanapokosea kuandika jina la kitu.

Nyanya_wa_Kuku

Samahani kwa kuingilia wanangu, mimi siyajui ya YouTube ila kuku nimefuga miaka mingi. Kwenye hiyo ya duka mkisema jiko la mkaa, semeni wazi kwamba mkaa uwake nje kwanza mpaka moshi uishe na banda libaki na upenyo wa hewa juu. Mkikata video msije mkakata na hilo. Watu wamepoteza vifaranga wote usiku mmoja kwa kuziba kila mahali, na mtu akilala humo naye hapati asubuhi.

mama_vifaranga

Asante sana bibi, shikamoo. Hilo lipo kwenye video nzima na kweli kwenye kipande cha duka lingekatika. Nitamwambia mwenye duka alirekodi upya.

Peji_Manager

Nimesoma uzi wote. Niongezee upande wa Facebook na Instagram maana najua mtaenda huko. Facebook msipandishe faili mara tatu. Kwenye Page kuna kitu kinaitwa Crossposting, Page mbili zinakubaliana, video inapanda mara moja halafu Page nyingine inaitumia ileile kwenye posti yake. Mnaandika maneno tofauti kwa kila Page ila watazamaji wanahesabiwa kwenye video moja. Kwangu menyu imehamahama, kwa hiyo kama huioni tafuta kwenye Meta Business Suite. Instagram tumieni Collab, posti moja inatokea kwenye profaili zote mlizoalika na laiki na maoni ni ya pamoja. Ubaya wake kepsheni ni moja, huwezi kumwambia kila mtu la kwake.

Instagram walitangaza Aprili 2024 kwamba wakikuta video mbili zinafanana wanapendekeza ile ya asili tu. Ndiyo maana peji ya pili ikiposti kopi unaona kimya, kepsheni hata uandike shairi.

Kijana_wa_Edit

Hapo kwenye ya asili wanajuaje ipi ni ya asili kama zote ni zako? Na TikTok je? Mimi kule akaunti zangu zinaenda na video zilezile, sijaona tatizo.

Peji_Manager

Ukitaka kuwa salama anza na akaunti unayotaka ibebe, ndiyo itangulie. TikTok wana sheria yao ya maudhui yasiyo ya asili, yanaweza kutolewa kwenye For You, ila kwa mtu mwenye akaunti zake mwenyewe mbili nimeona yote mawili, zingine zinaenda zingine zinakufa. Sitaki kukudanganya.

Kijana_wa_Edit

Basi mimi TikTok naendelea. Ila YouTube nitajaribu hii ya kukata, nakiri imenikaa.

mama_vifaranga

Swali la mwisho wakuu kisha niende kazini. Hizi kopi tatu za zamani nizifanyeje? Mwenyekiti anasema futa mbili.

Fundi_Mitambo

Asifute haraka. Saa za video iliyofutwa, au iliyofanywa Private au Unlisted, hazihesabiwi kwenye zile 4,000. Angalia kwanza ipi ina saa nyingi, hiyo usiiguse zaidi ya kichwa, kava na maelezo. Zile mbili huwezi kubadilisha faili lake, YouTube hawaruhusu, lakini ndani ya Studio kuna Editor, unaweza kukata vipande visivyohusu na linki inabaki ileile, maoni yanabaki. Kwa hiyo ya duka ikate ibaki sehemu ya bruda, kisha ubadilishe kichwa na kava. Huwezi kuongeza ule mwanzo mpya wa sekunde 20, hilo ndilo utalikosa. Na hakikisha huikati ile sehemu ya hewa aliyosema bibi.

Ya mtotoleshaji mimi ningeipandisha upya kwa sababu mwanzo ndio tatizo lake, na ile ya zamani ningeiacha Unlisted ili waliotumiwa linki WhatsApp waendelee kuiona.

Halafu kila maelezo yaweke linki yake ya WhatsApp yenye ujumbe tofauti uliojiandika, hivi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nimetoka%20video%20ya%20bruda
```

Mteja akibonyeza, ujumbe unakuja na jina la video. Hapo utajua ipi inaleta wateja hata kama watazamaji wake ni wachache.

mama_vifaranga

Mwenyekiti bado anataka chaneli ya tatu ifungwe kabisa, anasema mbili zinatosha, na mwenye vifaranga hataki hata kusikia. Mimi nimewaomba tuone kwanza orodha ya maneno ya kutafuta baada ya hizi mpya kupanda. Zikitofautiana inabaki. Nitazileta hapa mzione.

Mkulima_Eldi

Lete pia hiyo ya mtotoleshaji, watu wanatoka wakati gani. Hapo ndipo mimi nitaamini.